Seli Mbili, Seli Nne na Nusu ya Baba

Ndugu yangu na mimi tulizaliwa mwaka mmoja, kwa baba mmoja na mama wawili. Alinitangulia kwa wiki chache tu, lakini wiki hizo zilimtosha kujizolea kila kilichokuwa cha baba: pengo la meno ya mbele, masikio yaliyosimama, mwendo wa kutupa mguu wa kushoto nje kama mtu anayekwepa tope, hata kile kikohozi cha kusafisha koo kabla ya kusema neno. Mimi nilipofika nadhani ghala lilikuwa limefagiliwa. Nikachukua sura ya mama na kimo cha wajomba zangu wa Mikumi, na watu waliponiona nimesimama na baba waliuliza kwa adabu kama mimi ni mgeni wake.

Nisizunguke. Nilimwonea wivu ndugu yangu tangu nilipojua kutofautisha sura ya mtu na ya mwingine, na wivu wenyewe siuombei radhi. Wengi wanaosema hawana wivu hawajawahi kukaa upande wa pili wa sinia na kijana aliye baba yao mtupu.

Baba alikuwa mnyapara wa kitalu katika shamba moja la mkonge nje ya Kilosa, enzi za Waingereza. Alikuja kutoka kusini akiwa manamba, yaani kibarua wa mkataba anayeitwa kwa namba yake, akakata majani ya mkonge mpaka viganja vikawa vigumu kama kwato. Baadaye meneja akaona ana mkono mwepesi kwa miche, akamweka kwenye kitalu. Mke wake wa kwanza, mama mkubwa, aliishi naye kambini. Mke wa pili, mama yangu, alikataa katakata kuhamia kwenye vyumba vya kambi vilivyopangana kama mabehewa. Alibaki Mikumi kwenye shamba lake la mahindi na mihogo, akipigana na nguruwe pori usiku na nyani mchana, na baba alikuja kwetu kwa lori la mtu yeyote aliyekubali kumpakia.

Kwa hiyo ndugu yangu alikua kitaluni. Kabla hajajua kusoma alikuwa anatembea nyuma ya baba kati ya matuta ya miche, na wazungu wa shamba walimwita mnyapara mdogo. Mimi nilikua na punje za mahindi. Likizo nilipokwenda kambini, baba alimshika ndugu yangu bega mbele ya wageni na kusema, "Huyu ni mimi." Halafu akanitazama, akakohoa kidogo, akasema, "Na huyu ni wa Mikumi."

Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi, kwa sababu ubaya ungenipa nafasi ya kukasirika.

Sote wawili tulikuwa na akili ya darasani, na sote tukaingia shule ya sekondari ya bweni pale Kilosa, darasa moja, bweni moja. Hata huko walimu walimjua baba kwa kumtazama ndugu yangu. Mimi walinijua kwa maksi. Nilizitafuta maksi kwa hasira, na katika masomo mengi tulikwenda bega kwa bega, leo yeye, kesho mimi.

Tulipofika darasa la kumi na mbili ikaja habari iliyotuchonganisha kabisa. Kituo kimoja cha utafiti wa mkonge, mbali na Kilosa, kilitaka kijana mmoja wa kujifunza kazi ya maabara. Kilimwandikia mwalimu wetu wa biolojia, naye akatangaza darasani kwamba atakayeongoza biolojia katika mtihani wa majaribio ndiye atakayependekezwa. Alikuwa Mwingereza mwembamba, mwenye magoti mekundu na kaptura iliyopigwa pasi mpaka ikakatika kwenye mikunjo, na neno lake halikuwa na marekebisho. Kijana mmoja tu.

Ilibidi mtu awe mtoto wa baba yetu kuelewa nafasi hiyo ilikuwa na maana gani. Maisha yake yote kitaluni baba aliwaona watu wa utafiti wakija, wakichagua miche yake, wakiifunga kwenye magunia yenye unyevu na kwenda nayo. Hakuwahi kujua waliifanya nini. Alisema mara nyingi kwamba anataka mtoto wake awe mle ndani, aone. Aliposema mtoto wake macho yake yalijua pa kwenda, na hayakuja kwangu. Nikajiapiza kwamba nafasi ile nitaichukua mimi, na siku hiyo baba atanishika bega.

Somo la mwaka ule lililotutoa jasho lilikuwa la kugawanyika kwa seli. Tulisoma kwa Kiingereza, lakini usiku bwenini tulilitafuna kwa Kiswahili: mitosisi na meiosisi, majina mawili yanayokaribiana, na ukiyachanganya umekwisha. Mwalimu alituletea ncha za mizizi ya kitunguu zilizopondwa na kutiwa rangi, tukapanga foleni kwenye hadubini ya pekee ya shule. Ndugu yangu alipoinama tu akapiga kelele, "Naziona! Kromosomu naziona, zimejipanga katikati!" Mimi zamu yangu niliona kope zangu mwenyewe, ndefu kama miti. Nilisema ninaziona. Sikukubali aone kitu nisichokiona.

Mwalimu alikuwa na amri moja juu ya swali la kulinganisha. Wengi wetu tulizoea kuandika ukurasa mzima wa mitosisi, kisha ukurasa mzima wa meiosisi, tukidhani tumelinganisha. Alizirudisha karatasi za namna hiyo zikiwa na mkwaju mmoja mwekundu kutoka kona hadi kona. "Hizo ni hadithi mbili zilizolala vitanda viwili," alisema. "Nataka zikae meza moja." Akatufundisha kuchora mstari katikati ya karatasi, mitosisi kushoto, meiosisi kulia, na pembeni kuandika mambo matatu: seli ngapi, kromosomu ngapi, kwa kazi gani. Kila jambo lijibiwe pande zote mbili kabla ya kushuka kwenye lingine.

Jedwali hilo naliona hata leo nikifumba macho. Katika mitosisi seli moja hugawanyika mara moja, zikapatikana mbili. Katika meiosisi seli hugawanyika mara mbili mfululizo, zikapatikana nne. Katika mitosisi kila seli mpya ina kromosomu idadi ileile ya seli mama, tena nakala zilezile. Katika meiosisi kila moja ina nusu, na hakuna iliyo nakala ya mama. Kazi ya mitosisi ni kukua, kuziba pengo la seli zilizochakaa, na kwa mimea mingi kuzaliana bila mbegu. Kazi ya meiosisi ni kutengeneza gameti, zile seli za uzazi, ili ya kiume na ya kike zikikutana idadi irudi kamili, isiwe inajirudufu kila kizazi.

Wenzangu waliona maksi katika jedwali lile. Mimi niliona mashtaka yangu yakisikilizwa. Mwalimu alichora ubaoni jozi za kromosomu kwa chaki nyekundu na nyeupe, akazitenganisha, akasema mtoto hupata nusu kamili kutoka kwa baba na nusu kamili kutoka kwa mama. Hakusema mtoto anayefanana na baba hupata zaidi. Niliinua mkono nikauliza hasa hilo. Akajibu kwamba kufanana ni habari ya kromosomu zipi zimeangukia wapi na ipi imejionyesha, wala si idadi. Kila mtoto ana nusu yake, hata kama haionekani usoni.

Nilitoka darasani nikiwa nimevimba kifua. Jumapili iliyofuata niliomba ruhusa nikatembea hadi kambini, na ndugu yangu, ambaye sikumwalika, akaja pia.

Tulimkuta baba amekaa nje ya chumba chake, anachonga mpini wa jembe. "Shikamoo baba," tukasema pamoja.

"Marahaba. Mmekuja kula au kusoma?"

"Nimekuja na habari, baba," nikasema. Nikachora mchangani. Nikamweleza seli ya mwanamume inavyogawanyika mara mbili na kutoa nne, kila moja ikiwa na nusu ya kromosomu, na kwamba nusu hiyo ndiyo baba anayompa mtoto. Nilieleza vibaya, kwa papara, nikifuta na kuchora upya. Mwisho nikasema, "Kwa hiyo mimi nina nusu yako kamili. Sawasawa na yeye."

Baba akaacha kuchonga. Akanitazama kuanzia utosini hadi miguuni, mzaha ukimcheza mdomoni. "Basi nionyeshe imekaa wapi hiyo nusu," akasema. "Isije ikawa umeiacha Mikumi."

Mama mkubwa akacheka ndani. Majirani wawili waliokuwa wakicheza bao wakacheka. Nami nilicheka, maana usipocheka unakuwa umeumia. Kisha ndugu yangu akainama, akafuta michoro yangu kwa kiganja, akachora upya polepole, na kumweleza baba jambo lilelile nililolieleza mimi. Safari hii baba alisikiliza kichwa kikiwa kimeinama upande mmoja, akiitikia, "Ehe. Ehe. Sasa nimeelewa." Ndugu yangu naye alikuwa ameinamisha kichwa upande uleule. Wangeweza kuwa mtu mmoja anayejitazama kwenye maji. Nilitamani kumpiga teke.

Baada ya chakula baba alimwita waende kitaluni wakatazame jambo. Mimi hakuniita. Nilibaki nikimsaidia mama mkubwa kuosha sufuria, nikawaona kwa mbali wamesimama chini ya mkonge mmoja uliokwisha kuchanua. Mkonge ukifikia mwisho wa maisha yake hutoa mlingoti mrefu kuliko nyumba, na juu ya mlingoti maua. Maua yakianguka, palepale yalipokuwa huchipua miche midogo, mamia yake, kila mmoja na vijani vyake. Hiyo ndiyo miche aliyoikusanya baba na kuipanda kwenye matuta. Baba alikuwa akinyoosha kidole juu kwenye mlingoti, kisha chini kwenye maotea yanayotoka ardhini kando ya shina, kisha juu tena. Ndugu yangu alitikisa kichwa kukubali. Walikaa huko mpaka sufuria zote zikakauka juani.

Njiani kurudi shuleni nilimuuliza, "Alikuwa anakuonyesha nini?"

"Mambo ya mkonge tu," akasema.

Sikuuliza tena. Kiburi kilinizuia. Nilijua amepewa kitu ambacho mimi sikupewa, na kwamba kitu hicho kitakuja kunishinda kwenye mtihani.

Na swali likaja, kana kwamba mwalimu naye alikuwa amesimama nao kitaluni. Tulinganishe mitosisi na meiosisi kwa idadi ya seli zinazopatikana, idadi ya kromosomu na madhumuni; kisha kwa kila moja tutoe mfano wa mmea tuliouona kwa macho yetu, si wa kwenye kitabu. Niliposoma maneno hayo ya mwisho niligeuka kumtazama ndugu yangu. Alikuwa ameshaanza kuandika. Alikohoa kile kikohozi cha baba, akaandika kama mtu anayesomewa imla.

Nilijua anaandika mkonge. Kitalu kizima kilikuwa chake, na baba nyuma ya sikio lake. Nikachora mstari wangu katikati, nikajaza safu tatu bila kusita, kisha nikafika kwenye mifano na nikakwama. Mkonge ungempendeza mwalimu, ungependeza kituo cha utafiti, lakini ningeandika nini? Sikuujua. Nilikuwa nimeuona kwa mbali mkono wangu ukiwa ndani ya sufuria.

Nikaandika Mikumi. Upande wa mitosisi niliandika kipande cha shina la muhogo: mama hukikata na kukichomeka, kikaota muhogo uleule, mtamu kama ulikuwa mtamu, mchungu kama ulikuwa mchungu, kwa sababu seli zake zimeongezeka kwa mitosisi tu na kila moja ina kromosomu zote za shina la kwanza. Upande wa meiosisi niliandika mbelewele, lile ua la juu la mhindi linalomwaga chavua. Mwalimu aliwahi kutuambia seli ya mhindi ina kromosomu ishirini. Nikaandika kwamba ndani ya mbelewele seli moja yenye ishirini hutoa nne zenye kumi kumi, zikawa chavua. Kwamba kumi hizo zikikutana na kumi za upande wa kike ishirini hurudi. Na kwamba ndiyo maana mahindi meupe ya mama yalipopakana na ya njano ya jirani alivuna mahindi yenye punje za rangi mbili, akamtukana jirani msimu mzima. Niliandika hayo yote kwa uchungu, nikijua naandika vya shambani kwa mama mbele ya sayansi ya mwenzangu.

Mwalimu alirudisha karatasi darasani, akaacha mbili mkononi mwake. Akasema wanafunzi wawili wamekwenda sawa karatasi nzima mpaka swali hilo, na katika swali hilo wamekwenda sawa safu zote tatu. Akazisoma. Seli mbili, seli nne. Idadi ileile, nusu. Kukua na kujirudia, gameti na uzazi. Ilikuwa kama mtu mmoja ameandika mara mbili, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikafanana na ndugu yangu.

Kisha akasoma mifano. Ya ndugu yangu ilianza vizuri kabisa: maotea ya mkonge yanayotoka ardhini kando ya shina ni kazi ya mitosisi, ni mama yuleyule. Mwalimu akatikisa kichwa kuafiki. Halafu akasoma upande wa meiosisi. Ndugu yangu alikuwa ameandika ile miche inayochipua juu ya mlingoti, mahali pa maua, kwamba hiyo ni watoto wa ua, imepatikana kwa meiosisi.

"Hapana," mwalimu akasema.

Ndugu yangu akasimama. Sijawahi kumwona akimpinga mwalimu kabla ya siku ile. "Lakini inatoka penye ua, bwana. Ua ndilo linalozaa. Maotea ni mama, ya juu ni watoto."

"Inatoka penye ua, lakini haikuzaliwa na ua," mwalimu akasema, na hakusema kwa ukali. Akaeleza kwamba maua mengi ya mkonge huanguka bila kuacha mbegu. Palipokuwa na ua kuna jicho dogo la kuchipua, na jicho hilo ndilo linaloota likawa mche, kwa seli kugawanyika kwa mitosisi. Hakuna chavua iliyohusika wala gameti. Mche ule una kromosomu zote za mkonge uliouzaa, haukupoteza hata moja, na ndiyo maana shamba zima la mkonge linalingana kama lililokatwa kwa mkasi. Juu ya mlingoti au chini kwenye udongo, ni mama yuleyule.

Ndugu yangu akakaa. Mwalimu akasoma mfano wa mbelewele, darasa likacheka kwenye jirani aliyetukanwa, naye akasema jina litakalokwenda kituoni ni langu.

Sitadanganya kwamba nilimhurumia. Furaha ilinipanda kutoka miguuni. Yule aliyetembea kitaluni tangu utotoni ameangushwa na mkonge, na mimi wa Mikumi nimepita na mihogo ya mama. Nilimtazama nikitaka kuona uso wa baba umeshindwa. Yeye alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, anafikiri.

Siku ya kuondoka kwangu baba alikuja stesheni ya Kilosa akiwa amevaa kanzu yake ya Idi, ndugu yangu pembeni yake. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo kwa hamu kuliko kazi yenyewe. Wanawake walikuwa wanauza ndizi na mahindi ya kuchoma kwenye madirisha ya mabehewa, watu wa shamba waliokuwa wakisafiri walimsalimu baba, na mmoja akauliza, "Huyu ndiye anayekwenda kwa wazungu wa mkonge?" huku amemwelekea ndugu yangu.

"Si huyo, ni yule," baba akasema, akanionyesha kwa kidevu. Nikangoja mkono wake begani kwangu. Mkono ulikuwa umeshika sanduku langu.

Alipoliweka chini alikohoa. "Nataka kuuliza jambo," akasema. "Mwenzako ananiambia aliandika miche ya juu ni watoto wa ua, na mwalimu wenu kasema amekosea. Ni kweli?"

"Ni kweli, baba."

"Basi waliokosea ni wawili," baba akasema. "Maana mimi ndiye niliyemwambia. Siku ile kitaluni. Miaka yote naipanda ile miche, na miaka yote nilijua hivyo."

Nikafikiri atasikitika. Alimgeukia ndugu yangu, akamshika bega, na akaanza kucheka. Kicheko kilimtoka polepole kwenye lile pengo la meno. "Umeniandika mpaka kwenye mtihani wa mzungu!" akasema. "Hata ujinga wangu hukuuacha!" Ndugu yangu naye akacheka, kwa pengo lilelile, na wakasimama pale wakiegemeana, wameshindwa wote wawili na wamefurahi kama waliopata zawadi. Nilisimama mbele yao na nafasi yangu.

Alipokwisha kupangusa macho baba akanikumbuka. "Na wewe uliandika nini?"

"Muhogo na mahindi, baba. Ya shamba la mama."

"Ndiyo," akasema kwa upole. "Hayo ndiyo yako."

Kengele ya treni ikalia. Ningeweza kunyamaza, lakini nilikuwa nimenyamaza tangu nizaliwe. "Mkonge sikuuandika kwa sababu hukunionyesha," nikasema. "Ungenionyesha, ningeandika kama alivyoandika yeye. Ningekosea palepale."

Kicheko kikamwisha usoni. Alinitazama muda mrefu kuliko alivyowahi kunitazama, kama anayetafuta kitu ambacho ameambiwa kipo. Kisha akalichukua sanduku, akanipandishia ndani ya behewa, akasema nenda salama, nikasema asante baba.

Treni ilipovuta niliwaona kutoka dirishani wakirudi, mguu wa kushoto ukitupwa nje, wote wawili kwa wakati mmoja. Nafasi ilikuwa yangu, maksi zilikuwa zangu, na mwalimu alikuwa amenithibitishia nusu yangu ya baba bila kupungua hata kromosomu moja. Ningempa ndugu yangu vyote hivyo pale pale stesheni, anipe lile kosa.